Tarehe 3 Desemba Haikuwa Miadi: Kumsomea Mzazi Barua ya Rufaa ya Jicho la Mtoto

(Niliyasema haya kwenye kikao cha robo mwaka cha wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto na maafisa tabibu wa wilaya yetu. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nimepunguza tu pale nilipojirudia.)

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Wilaya, Muuguzi Mkuu wa Wilaya, waganga wafawidhi wa vituo na zahanati, wauguzi wenzangu. Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu hamjambo.

Nimepewa nusu saa niongelee barua za rufaa. Aliyenialika alitaka niziongelee zote: za moyo, za mifupa, za wajawazito. Nikamwambia mimi ni muuguzi wa macho, nitaongelea barua moja. Ninaifahamu vizuri kwa sababu iliandikwa na mwenzangu mezani kwetu, na mimi ndiye niliyeigonga mhuri.

Ilikuwa mwezi wa 6. Mama alikuja na mtoto wa kiume wa miezi 14. Alisema jicho la kulia la mtoto huwaka jioni kama jicho la paka, na kwamba ameliona hivyo tangu wakati wa Pasaka. Mwenzangu alizima taa, akafunga pazia, akamulika macho yote mawili kwa kurunzi ya macho. Jicho la kushoto lilirudisha mwanga mwekundu kama inavyotakiwa. La kulia lilirudisha weupe. Akaandika barua papo hapo. Iliandikwa kwa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili ilisomeka hivi:

"Kwa daktari bingwa wa macho wa watoto. Mtoto mvulana, miezi 14. Mboni nyeupe jicho la kulia x 3/12, hana maumivu. Jicho la kulia halirudishi mwanga mwekundu. ?Rb, R/O mtoto wa jicho. Tafadhali mwone haraka iwezekanavyo kwa uchunguzi na matibabu zaidi."

Sahihi, cheo, mhuri. Kama barua ya daktari kwa daktari haina kasoro. Bingwa yeyote akiisoma anajua cha kufanya kabla mtoto hajafika kitini. Mama alipewa barua kwenye bahasha, akaambiwa, "Mama, utampeleka hospitali ya kanda, kwa daktari bingwa wa macho. Kila kitu kimeandikwa humo." Akashukuru, akaondoka.

Mwezi wa 10 alirudi kliniki kwa ajili ya chanjo ya surua ya miezi 18. Muuguzi wa chanjo, ambaye leo yupo hapa nami namshukuru, aliona jicho la mtoto limekuwa jekundu na kubwa kuliko lenzake. Akauliza, "Mama, huyu hajaenda kwa bingwa?" Mama akatoa bahasha kwenye kanga, ikiwa safi, haina hata alama ya kukunjwa. Akasema, "Sista, siku bado. Si mmeandika tarehe 3 mwezi wa 12?"

Wenye uzoefu mmeshaelewa. Sisi tukiandika 3/12 tunamaanisha miezi mitatu kati ya kumi na miwili. 3/52 ni wiki tatu. 3/7 ni siku tatu. Hayo ni maandishi ya darasani, tunayafahamu sisi kwa sisi. Lakini mwananchi yeyote wa nchi hii aliyemaliza darasa la saba akiona 3/12 anasoma tarehe 3 Desemba, na hajakosea. Ndivyo tarehe zinavyoandikwa kwenye kadi ya kliniki tuliyompa sisi wenyewe. Mama yule alikuwa akiweka shilingi elfu mbili kwenye kibubu kila siku ya gulio ili ifikapo Desemba nauli iwe tayari. Kwa hiyo naomba mtu asisimame hapa kuniambia kwamba wazazi wetu wazembe. Yule alikuwa mtiifu kuliko wengi wetu. Alitii namba ambayo hatukumsomea.

Mtoto yu hai. Nalisema mapema ili msisikilize yanayobaki mkiwa na roho juu. Lakini nitarudi kwenye gharama ya ile miezi minne.

Barua ya rufaa ina ajabu yake. Anayeiandika ni daktari, anayeandikiwa ni daktari, na anayeibeba ni mzazi. Tumemfanya tarishi wa habari za mwanawe mwenyewe. Tarishi asiyejua alichobeba hawezi kujua kama kinaharibika njiani. Ndiyo maana nasema kabla barua haijaingia kwenye bahasha, isomwe. Mzazi asomewe mambo matatu: anakwenda kwa nani, kwa sababu gani, na lini. Matatu hayo hayana uzito sawa, na sitayapa muda sawa.

Nianze na kwa nani, kwa kuwa ni jepesi kidogo. Barua inasema "daktari bingwa wa macho wa watoto". Sisi tunasikia mtaalamu. Mzazi anasikia "macho", na kwa watu wengi wa vijijini kwetu daktari wa macho ni mtu wa miwani. Nani atauza mbuzi ili mtoto wa mwaka mmoja akapimiwe miwani? Kwa hiyo mwelezeni huyo bingwa atafanya nini. Hapo jina la kazi linapata maana.

Atamtia mtoto matone ya kupanua mboni. Mtoto mdogo hatulii, kwa hiyo mara nyingi atapewa dawa ya usingizi, alale, ili daktari aangalie nyuma ya jicho mpaka kwenye kingo zake zote, macho yote mawili, hata lile linaloonekana zima. Watampima pia kwa altrasaundi, ileile mashine aliyopimiwa mama akiwa na mimba, ila hapa inawekwa juu ya kope. Mama akijua kuna dawa ya usingizi, ataelewa pia atakapoambiwa asimlishe mtoto asubuhi. Nimeona familia imesafiri kilomita mia tatu, mtoto akapewa uji mlangoni pa chumba cha upasuaji kwa huruma ya bibi, na uchunguzi ukaahirishwa mpaka wiki inayofuata.

Hapa lipo jambo moja dogo ambalo limewarudisha watu nyumbani. Wengine wetu tunaandika jina la daktari tunayemfahamu: "Muone Dokta fulani." Familia inafika, inaulizia Dokta fulani, inaambiwa yuko likizo. Wanageuza. Kwao barua ni ya mtu yule, kama barua ya posa isivyopelekwa kwa jirani. Waambieni wazi kwamba barua ni ya kitengo, daktari yeyote wa kitengo hicho ataipokea. Kwa upande wetu huu wa kaskazini ni KCMC kule Moshi. Aliyepo Dar es Salaam ataelekezwa Muhimbili. Na muandike jina la kitengo vilevile linavyosomeka kwenye kibao pale hospitali, kwa sababu mlinzi wa getini hasomi vifupisho vyetu.

Sasa niende kwenye nini, yaani ugonjwa unaodhaniwa. Hapa ndipo wengi tunatetemeka.

Barua yetu ilikuwa na "?Rb". Herufi hizo mbili ni kifupi cha retinoblastoma, saratani ya retina, ile ngozi laini ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Huwapata watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka mitano. Ni ugonjwa adimu: mtoto mmoja katika kila watoto 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Lakini wilaya ikizaa watoto wengi, na mwaka ukiwa na siku 365, mmoja atakaa kwenye benchi lako siku moja.

Mbele ya herufi hizo kuna alama ya kuuliza. Kwetu alama hiyo inasema: nadhani, sina uhakika, nisaidie. Halafu kuna R/O, ambayo kwa maana yake ni "hakikisha siyo hiki". Mzazi hazioni alama hizi. Au anaziona kinyume. Siku hizi kila nyumba ina kijana wa sekondari mwenye simu. Anachapa zile herufi, inakuja picha ya jicho lililofura mpaka nje, na familia nzima inalala bila kula. Au mtu anaona maneno "mtoto wa jicho", ugonjwa anaoujua kwa babu yake, anasema aah, hiki ni cha wazee, kitasubiri. Barua ni ileile, nyumba moja imezika mtoto aliye hai na nyingine imepuuza.

Maneno ninayotumia mimi ni haya, na nimeyapunguza mwaka hadi mwaka mpaka yakabaki machache: "Mama, jicho zima likimulikwa linarudisha mwanga mwekundu. Hili linarudisha mweupe. Maana yake kuna kitu kimekaa nyuma ya mboni kinachozuia. Vitu vinavyoweza kufanya hivyo ni vichache. Kimoja ni ukungu kwenye lenzi, ndio tunaita mtoto wa jicho, na watoto wachanga nao huupata. Kingine ni ugonjwa wa retina, au madhara ya minyoo ya mbwa. Na kibaya kuliko vyote ni uvimbe wa saratani. Mimi hapa nina kurunzi tu, sina kifaa cha kujua ni kipi. Daktari ameandika alama ya kuuliza. Huko unakokwenda ndiko itakakofutwa."

Neno saratani nalitamka. Najua tuna wenzetu hapa wanaosema tusiwatishe watu, tuseme "uvimbe" tu, au "tatizo kubwa". Nimewahi kuwa upande huo. Nimeuacha, kwa sababu mzazi aliyeambiwa "tatizo" akifika kwenye wodi na kuona bango la saratani mlangoni huona amedanganywa, na aliyedanganywa hutoroka. Lakini nalitamka likiwa katikati ya wenzake. Sianzi nalo na simalizi nalo. Nikianza nalo, hatasikia lingine lolote. Nikimalizia nalo, ndilo atakaloondoka nalo.

Kuna wanaoniuliza kwa nini tusikate kinyama tukapeleka maabara ili jibu lijulikane kabla ya safari. Kwa uvimbe wa titi au wa shingo lingekuwa swali zuri. Kwa jicho la mtoto ni mwiko. Sindano ikitoboa jicho lenye saratani hii inafungulia chembe zake njia ya kutoka. Bingwa hutambua kwa kuangalia na kwa picha. Waambieni wazazi hili, kwa sababu njiani kuna watu wenye sindano na kuna watu wenye matone ya majani, na wote wana maneno matamu. Muulizeni mama taratibu kama amemtia mtoto chochote. Ukimfokea, hatakuambia, na daktari atashindwa kujua wekundu umetoka wapi.

Miaka miwili baada ya yule mvulana, alikuja mtoto wa kike wa miezi 11. Alikuja na baba na mama na bibi mzaa baba, na ninyi mnajua kwamba pale mwenye kauli ni bibi. Baba alikuwa na picha kwenye simu, ya sherehe ya ubatizo, imepigwa usiku kwa mwanga wa simu: jicho moja la mtoto jekundu, moja jeupe. Nilifurahi kuona picha ile. Nilimwomba baba aipeleke pamoja na barua, aioneshe hukohuko. Picha ya namna hiyo ni ushahidi wa siku na saa.

Nilipomaliza maneno yangu, bibi aliuliza swali ambalo huwa linaning'inia chumbani hata kama hakuna anayeuliza: "Wataling'oa jicho?"

Nilimjibu hivi. "Bibi, sijui, na anayejua leo hayupo. Ikiwa ni ukungu wa lenzi, wataondoa ule ukungu, jicho linabaki. Ikiwa ni saratani ndogo, kuna dawa na kuna mionzi ya kuichoma, na jicho linaweza kubaki. Ikiwa saratani imejaa jicho, watashauri litolewe, kwa sababu nyuma ya jicho kuna mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ubongo, na saratani hupita humo. Wakilitoa, mtoto atawekewa jicho la bandia, na lile lingine linaendelea kuona. Lakini hakuna atakayemgusa mtoto bila kukaa nanyi na kuwaeleza, nanyi mkaweka sahihi."

Bibi alinyamaza kitambo. Kisha akamwambia mwanawe, "Kesho asubuhi."

Msiahidi kwamba jicho halitatolewa. Ahadi hiyo inaonekana ya huruma, lakini ikivunjwa inamfikisha mtoto nyumbani kwa mganga wa kienyeji, na anaporudi kwetu uvimbe uko nje ya kope.

Yule mtoto wa kike alikutwa na mtoto wa jicho. Alifanyiwa upasuaji, akapewa miwani midogo yenye kamba ya kufungia nyuma. Baba alirudi mwenyewe kunipa taarifa. Nilidhani atanilaumu kwa kutaja saratani bure. Alisema, "Sista, ile alama ya kuuliza wameifuta." Basi. Alikuwa ameelewa tangu siku ya kwanza kwamba yalikuwa mambo kadhaa na moja tu ndilo lingekuwa kweli.

Na kabla mtu hajasema kwamba mtoto wa jicho ungesubiri: kwa mzee ungesubiri, kwa mtoto hausubiri. Ubongo wa mtoto unajifunza kuona kwenye miaka ya mwanzo. Jicho lililofunikwa na ukungu muda wote huo huachwa na ubongo, na baadaye hata ukiondoa ukungu, jicho safi halioni vizuri. Kwa hiyo kwa mboni nyeupe ya mtoto, majibu yote yaliyo kwenye barua yanakataa kusubiri, hata lile jepesi.

Ndiyo tumefika kwenye lini.

Tusome tena maneno ya barua: "haraka iwezekanavyo". Mimi nilikuwa nayapenda maneno haya. Yanasikika ya kitaalamu na ya adabu. Siku moja nikamsikia baba mmoja akiyarudia kwa jirani yake pale kwenye benchi: "Wamesema iwezekanavyo." Kwa hiyo ikiwezekana. Yaani mahindi yakiuzwa, kaka akituma, uwezo ukipatikana. Tulidhani tumemhimiza kumbe tumempa ruhusa. Neno "haraka" likabaki nyuma, "iwezekanavyo" ndiyo ikashika usukani.

Wenzetu madaktari wakiandika haraka wanamaanisha kitu kinachopimika. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 kuhusu dalili za saratani unataka mtoto ambaye jicho lake halirudishi mwanga mwekundu afikiriwe kuonwa ndani ya wiki 2. Hizo ni siku 14 za nchi yenye mabasi ya kila saa, na watoto wanaofika mapema. Huku kwetu wengi wanafika tayari wamechelewa, kwa hiyo mimi wiki 2 nazihesabu kuwa mwisho kabisa, wala si lengo. Nataka mtoto awe ameondoka ndani ya wiki moja.

Nina njia tatu tu za kumwambia mzazi muda, na nawaomba mzitumie kwa majina haya. Ya kwanza ni dharura: leo, kwa gari la wagonjwa, bila kurudi nyumbani kuchukua nguo. Jicho lililotobolewa na mti ni dharura. Ya pili ni haraka: wiki hii, na hapo nataja siku. Sisemi "mapema", nasema "Jumatatu ijayo uwe umefika". Ya tatu ni kawaida: kliniki ijayo ya bingwa, hata kama ni mwezi ujao, na jicho halitaharibika kwa kungoja. Mboni nyeupe ni ya pili. Mtoto anaweza kuwa anacheza, anakula, hana homa, halii. Hapo ndipo mzazi anaposhangaa: kama ni haraka, mbona mtoto mzima? Mwambieni mapema kwamba ugonjwa huu hauumi mwanzoni. Ukianza kuuma umeshajaa.

Lazima pia aambiwe haraka haimaanishi nini. Haimaanishi kwamba daktari ameshajua ni saratani na anaficha. Tunaharakisha kwa sababu hatujui. Nimeona baba akikataa safari kwa kuwa aliisoma haraka yetu kama hukumu: kama mtoto anakufa, bora afie nyumbani. Nilipomwambia kwamba saratani hii ikikutwa ingali ndani ya jicho, kwenye nchi zinazoiwahi zaidi ya watoto 9 katika 10 wanapona, aliniuliza kwa nini hakuna mtu aliyemwambia. Sikuwa na jibu, kwa sababu barua haina sehemu ya kuandika hilo.

Nilisema nitarudi kwenye gharama ya miezi minne. Yule mvulana wa tarehe 3 Desemba alifika kwa bingwa mwezi wa 10. Jicho lilikuwa limejaa uvimbe na presha ya ndani yake imepanda, ndiyo maana lilikuwa kubwa na jekundu. Alipewa kwanza dawa za saratani za kupunguza uvimbe, kisha jicho likatolewa, kisha akaendelea na dawa. Jumla dozi 6, moja kila baada ya wiki 3. Zaidi ya miezi minne mama alikuwa wodini, wale watoto wengine kwa shangazi, na shamba halikulimwa msimu ule. Je, angefika mwezi wa 6 jicho lingepona? Sitaapa. Kwa weupe ule aliouona mwenzangu, huenda lingetolewa hata wakati huo. Lakini jicho linalotolewa saratani ikiwa bado ndani, mara nyingi kazi huishia hapo, au karibu na hapo. Zile dozi, nywele zilizokatika, damu alizoongezewa, ndizo tulizomwandikia kwa 3/12.

Sasa mnaniuliza tufanye nini, wakati kuna wagonjwa themanini nje. Mimi naomba dakika tano na upande wa nyuma wa barua.

Mbele ya barua kaeni na Kiingereza chenu na vifupisho vyenu, daktari mwenzenu anavihitaji. Ila muda wa dalili uandikwe kwa maneno, siyo 3/12. Geuzeni karatasi. Nyuma yake andikeni kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mistari mitatu. Ya yule mtoto wa kike ilikuwa hivi: "Unakwenda kitengo cha macho cha watoto, KCMC, daktari yeyote aliyepo. Mboni ya kushoto ni nyeupe. Inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani au jambo lingine, watapima kwa dawa ya usingizi. Ufike kabla ya Jumatatu saa mbili asubuhi." Chini yake namba ya simu ya chumba chetu. Halafu baba aipige picha kwa simu yake, pande zote mbili, kwa sababu karatasi hulowa.

Kisha usiulize "umeelewa?" Kila mtu hujibu ndiyo mbele ya koti jeupe. Uliza hivi: "Mama, ukifika nyumbani, baba mkwe akikuuliza wamesemaje, utamwambia nini?" Halafu nyamaza. Yule mama wa mtoto wa kike mara ya kwanza alijibu, "Nitamwambia mtoto ana saratani tunampeleka Moshi." Mnaona? Nilidhani nimeeleza kama malaika. Nikarudia ile ya kurunzi na mambo kadhaa. Mara ya pili akasema, "Nitamwambia kuna kitu nyuma ya jicho, hawajui ni nini, wanaojua wako Moshi, na wametaka tufike kabla ya Jumatatu." Nikasema, mama, wewe hata barua huihitaji.

Na Jumanne piga simu. Si lazima upige wewe, anaweza kupiga hata mhudumu wa afya wa kijiji. Swali ni moja: mmefika? Kama hawajafika, uliza kilichowazuia, na mara nyingi ni nauli au ni mzee mmoja ambaye hakuwepo siku ile. Nauli ina njia zake: kuna mwenyekiti wa kijiji, kuna kanisa na msikiti, na wakishafika hospitali kuna ofisi ya ustawi wa jamii ya kuombea msamaha wa gharama. Mzee, muombe azungumze nawe kwenye simu, umpe shikamoo yake kwanza.

Naona dada yangu kule nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja simu. Anauliza, na kama mama hana simu, na hajui kusoma hata huo upande wa nyuma?

Huyo ndiye tuliyenaye wengi, asante kwa kumtaja. Huyo muulize nani nyumbani anasoma, na umsomee mistari ile mara mbili mpaka aikariri. Ni mifupi kwa makusudi. Siku usiiseme kwa tarehe, iseme kwa gulio: "gulio la Ijumaa lisikukute hapa." Na kwenye kadi ya chanjo ya mtoto, ambayo haiachi popote, piga kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa mbele: JICHO, RUFAA, na siku uliyompa. Muuguzi yeyote atakayeishika kadi ile atauliza. Yule wa chanjo ya surua aliuliza bila hata kalamu nyekundu.

Nakala za karatasi yenye mistari mitatu mitupu nimeziacha pale mezani karibu na mlango, zipo hamsini. Chai nayo naona imefika.